Doa la Kahawia Kwenye Picha: Ni Kutu, Udongo, Chai au Utomvu wa Matoke?

Picha iliingia kwenye simu yangu Jumatano usiku. Shati jeupe la kiume, bega la kulia, madoa saba ya kahawia: mengine madogo kama punje ya maharage, mengine yamechirizika kuelekea mgongoni. Chini yake dada mmoja wa Kawempe, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa ameandika: "Asalaam aleikum mzee. Hii ni kutu ya hanga. Nimepaka limau jana na leo, haitoki. Sasa niweke Jiki?"

Nilimjibu asiweke kitu chochote. Limau ni asidi, na Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na kifua, hasa kwenye bafu dogo lisilo na dirisha. Pia, kama kweli doa lilikuwa la kutu, Jiki isingeliondoa. Ingelikaza tu. Na kama halikuwa la kutu, basi siku mbili za limau zilikuwa zimepotea bure na tulihitaji kujua ni la nini kabla ya kugusa tena.

Mimi ni dobi hapa Kampala, na siku hizi nusu ya kazi yangu huanza na picha ya simu. Katika picha hizo, doa linalowachanganya watu kuliko yote ni la kahawia. Wino na mafuta hujitambulisha upesi. Kahawia inaweza kuwa udongo mwekundu wa barabara zetu, kutu, chai ya maziwa au utomvu wa ndizi, ule ambao Waganda huuita amasanda. Kwenye picha moja ya usiku vyote vinne vinafanana, ilhali dawa ya kimoja huharibu kingine.

Kwanza, picha inayosema kweli

Picha ya yule dada ilipigwa chini ya balbu ya manjano. Mwanga wa namna hiyo hugeuza kila kahawia kuwa ya rangi ya chungwa, na ndiyo maana macho yake yaliona kutu. Nilimwomba asubiri asubuhi, alitandaze shati karibu na mlango, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, bila jua la moja kwa moja na bila flashi. Pembeni ya doa aweke karatasi nyeupe ya daftari. Karatasi hiyo ndiyo kipimo changu: ikionekana ya manjano kwenye picha, najua rangi ya doa nayo imedanganywa kwa kiasi hichohicho.

Kisha nilitaka picha nne. Shati zima, ili nione doa liko wapi mwilini. Doa kwa karibu, simu ikiwa sawasawa juu yake, pamoja na sarafu ya kupimia ukubwa. Upande wa ndani wa kitambaa mahali palepale. Na lebo ya shingoni au ubavuni. Nilimwambia pia azitume kama faili, yaani achague "Document" kwenye WhatsApp, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na kingo za doa huyeyuka. Na kingo ndizo ninazozisoma kwanza.

Anayetaka kuongeza picha ya tano alishikilie shati mbele ya dirisha, mwanga ukitokea nyuma. Doa lenye mafuta hupitisha mwanga, huonekana kama karatasi ya maandazi. Utomvu, kutu na udongo huonekana vyeusi zaidi.

Kusoma mahali, umbo na ukingo

Asubuhi picha zilipokuja, karatasi ilikuwa nyeupe kweli na madoa hayakuwa ya rangi ya chungwa hata kidogo. Yalikuwa kahawia iliyokoza, yenye ukijivu, karibu na rangi ya ganda la ndizi lililokauka. Kutu kwenye pamba nyeupe hubaki na wekundu au uchungwa hata ikizeeka. Hilo lilikuwa la kwanza.

La pili ni umbo. Kutu ya hanga huacha alama pale chuma kinapogusa kitambaa: mstari wa begani, au nukta mbili zinazolingana, moja kila bega. Kutu ya waya wa kuanikia huacha mstari uliolala, unaopita mbele na nyuma ya shati pale lilipokunjwa juu ya waya. Haya yetu yalikuwa bega moja tu, na yalikuwa matone. Tone lina kichwa cha mviringo na mkia, na mkia huonyesha kitu kilitiririka kuelekea wapi. Mikia yote ilielekea mgongoni na chini. Kwa hiyo kitu kilidondoka kutoka juu, begani, mtu akiwa amesimama au anatembea.

La tatu ni ukingo. Chai husambaa ndani ya nyuzi na kukauka na duara lililokoza pembeni, kama pete, na katikati hupauka. Udongo hauna ukingo wa maana, hufifia taratibu na mara nyingi unaona chembe zenyewe juu ya uzi. Utomvu ni mzito kiasi, hausambai sana, kwa hiyo ukingo wake ni mkali na rangi yake ni sawa kuanzia katikati hadi pembeni. Upande wa ndani wa shati madoa yalikuwa yamepenya, lakini yalikuwa madogo kidogo kuliko ya nje. Maana yake kimiminika kiliingia kutoka nje. Jasho hufanya kinyume.

Nikamuuliza swali moja: "Mwanangu, baba watoto alibeba nini begani wiki hii?" Akacheka, kisha akanyamaza. Jumapili mumewe alitoka soko la Kalerwe na mkungu wa matoke, boda ikamwacha barabarani, akaubeba begani hadi nyumbani. Na jioni ile shati lilikuwa safi, ndivyo alivyokumbuka. Madoa aliyaona Jumatatu baada ya kulifua.

Huo ndio ushahidi mkubwa kuliko yote, na picha haiwezi kuuonyesha. Utomvu wa mgomba unapodondoka huwa karibu hauna rangi, kama maji. Ndani yake mna viini vya jamii ya tanini, kama vile vya majani ya chai, ambavyo vikikutana na hewa hugeuka kahawia, kama tofaa au bilinganya lililokatwa linavyogeuka. Sabuni ya mche, kwa kuwa ina alkali, huharakisha mabadiliko hayo. Ndiyo sababu watu wengi huapa kwamba shati lilikuwa safi na doa limetokea kwenye beseni. Ukisikia "doa lilitokea baada ya kufua", fikiria utomvu wa ndizi au juisi ya matunda kabla ya kitu kingine.

Tone la majaribio

Hata nikiwa na uhakika kiasi hicho, huwa siagizi dawa kabla ya jaribio. Anza na maji. Loweka kona moja ya doa kwa matone machache ya maji baridi, ngoja dakika tano, bonyeza kwa kitambaa cheupe. Kama rangi inahamia kwenye kitambaa, ni udongo au chai ambayo haijazeeka. Kama haihami kabisa, ni kutu au utomvu.

Halafu limau. Lowesha doa dogo moja kwa maji ya limau na chumvi kidogo, weka juani, liendelee kuwa bichi kwa nusu saa. Kutu hufifia kwa macho yako. Utomvu mkavu hubaki, pengine unapauka kidogo tu. Dada yetu alikuwa amelifanya jaribio hili siku mbili bila kujua kwamba ni jaribio: limau halikuondoa kitu, kwa hiyo kutu ikatoka kwenye orodha.

Lipo na jaribio la sabuni, ambalo hufaa doa likiwa la njano-kahawia. Tone la maji ya sabuni ya mche likiligeuza jekundu ghafla, hiyo ni bizari ya manjano kutoka kwenye mchuzi. Usiogope wekundu huo. Suuza, anika juani, kwa sababu rangi ya bizari haivumilii jua.

Jambo moja la kuangalia: doa la rangi nyeusi yenye ubuluu. Hilo mara nyingi ni kutu na tanini vilivyokutana, kwa mfano chai iliyomwagika kwenye nguo iliyogusa chuma. Chuma na tanini vikiungana hutengeneza wino hasa, ule uliokuwa ukiandikiwa zamani. Shughulikia chuma kwanza kwa limau, suuza mara tatu, ndipo ushughulikie kilichobaki.

Kitambaa kina kauli

Lebo ya shati ilionyesha pamba na poliesta, na pembetatu yenye mistari miwili ya mshazari ndani yake. Pembetatu ndiyo alama ya dawa za kung'arisha. Ikiwa tupu, dawa yoyote inaruhusiwa. Ikiwa na mistari miwili, dawa zisizo na klorini tu. Ikikatwa kwa msalaba, hakuna dawa ya kung'arisha kabisa. Kwa hiyo Jiki ilikuwa imekataliwa na mtengenezaji mwenyewe.

Kama lebo imekatwa, kama ilivyo kwa nguo nyingi za mitumba za soko la Owino, jaribu dawa yako kwenye pindo la ndani, ngoja dakika kumi, suuza, liache likauke. Sufu na hariri hazitaki Jiki kamwe, na hazitaki pia poda kali za kuloweka. Nguo inayovutika nayo isiguswe na Jiki, kwa sababu nyuzi zake za mpira huwa njano na kukatika.

Kuondoa utomvu uliokauka

Dawa niliyomchagulia ilikuwa poda ya kuondolea madoa yenye oksijeni, ile ambayo pakiti yake inasema haina klorini. Hii nayo ina alkali, na mtu anaweza kuuliza kwa nini naiagiza baada ya kuilaumu sabuni ya mche. Tofauti ni kwamba poda hii ikiingia kwenye maji ya moto kiasi hutoa oksijeni inayovunja rangi yenyewe ya tanini. Sabuni ya mche huikoleza na kuiacha hapo.

Kwanza alisuuza shati mara tatu kwa maji tele ili kutoa limau lote. Kisha akachemsha maji, akayachanganya na ya baridi mpaka mkono ukaweza kukaa ndani bila kuungua, takribani nyuzi 40 hadi 45. Kwa kila lita ya maji akaweka kijiko kimoja cha chakula cha poda, akakoroga mpaka ikayeyuka yote, ndipo akazamisha shati. Poda isipoyeyuka ikakaa kwenye kitambaa inaweza kuacha madoa yaliyopauka. Maji yawe ya kufunika nguo, beseni lifunikwe lakini lisikazwe kama mtungi, kwa kuwa gesi inatoka. Na usihifadhi mchanganyiko kwenye chupa iliyofungwa, itapasuka.

Saa sita. Baada ya saa tatu aongeze maji ya moto kidogo na nusu kijiko cha poda, kwa sababu nguvu hupungua maji yakipoa. Baadaye asuuze, aangalie doa shati likiwa bado limelowa na likiwa mbele ya mwanga. Nilimsisitiza jambo moja kuliko yote: asilipige pasi wala kulianika juani mpaka aridhike. Joto la pasi hukaza kilichobaki, na kila mzunguko unaofuata unakuwa mgumu.

Baada ya mzunguko wa kwanza picha ilionyesha kahawia imekuwa hudhurungi hafifu. Hiyo ni dalili nzuri, maana doa linalobadilika litaendelea kubadilika. Kwa mzunguko wa pili tuliongeza haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya 3%. Ukipata ya 6%, ichanganye na maji kiasi sawa. Avae glavu, adondoshe juu ya kila doa, afunike kwa nailoni isikauke, dakika thelathini, kisha asuuze na aloweke tena kwenye poda kama mwanzo. Peroksaidi hupausha rangi, kwa hiyo kwenye shati la rangi au lenye nakshi ningeiacha.

Ijumaa jioni madoa matano yalikuwa hayaonekani. Mawili, yale mazito zaidi karibu na ukosi, yalibaki kivuli unachokiona ukikijua tu. Nikamwambia aishie hapo. Kanuni yangu ni mizunguko mitatu. Kama kati ya wa pili na wa tatu hakuna mabadiliko kwenye picha mbili zilizopigwa mahali palepale kwa mwanga uleule, kinachoendelea kupungua ni uzi wenyewe. Nimewahi kumrudishia mzee wa watu kanzu isiyo na doa ambayo ilipasuka begani siku ya kwanza aliyoivaa. Niliiharibu kwa kung'ang'ania, nikailipa.

Utomvu ukiuwahi ukiwa mbichi, kazi ni nyepesi mno: maji baridi mengi papo hapo kutoka upande wa ndani, halafu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, bila ya mche. Wanaomenya matoke hupaka mafuta mikononi ili utomvu usishike. Anayebeba mkungu aweke gunia au jani la mgomba begani, na lile shina lililokatwa lielekee mbali na nguo.

Wale wengine watatu

Udongo mwekundu hupata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, na chembe zake haziyeyuki kwa maji. Ukiusugua ukiwa bichi unazisukuma ndani ya uzi. Acha ukauke kabisa, kung'uta, piga brashi laini, kisha sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, ukibonyeza badala ya kusugua. Vivuli vinavyobaki kwenye pindo jeupe vipe limau na chumvi. Usivipe Jiki, kwa sababu klorini haiondoi chuma.

Kutu hutibiwa kwa limau na chumvi juani, saa moja hadi mbili, ukiongeza maji ya limau kila inapokaribia kukauka, kisha suuza sana. Ikiwa nyingi rudia kesho yake. Nguo za rangi zijaribu ndani kwanza, maana limau na jua hupausha.

Chai ya maziwa ina vitu viwili: tanini ya majani na protini na mafuta ya maziwa. Anza na maji baridi, kwa kuwa ya moto hupika protini ndani ya kitambaa. Kisha sabuni ya maji kwa mafuta, na mwisho poda ya oksijeni kwa rangi. Damu nayo huanza na maji baridi kwa sababu hiyohiyo.

Doa likiwa kwenye kapeti

Kapeti huwezi kuizamisha, na hapo ndipo watu huumia. Chai ikimwagika, bonyeza kwa taulo jeupe kuanzia pembeni kuelekea katikati mpaka taulo litoke kavu. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo katika nusu lita ya maji, lowesha kitambaa badala ya kapeti, bonyeza, kisha rudia kwa maji matupu mpaka utelezi wa sabuni uishe. Sabuni iliyobaki hunata vumbi, na baada ya wiki mbili unapata doa jeusi pale palipokuwa pasafi.

Kwenye picha za kapeti nauliza kila mara: doa liliondoka kisha likarudi? Likirudi baada ya kukauka, kimiminika kilizama chini na sasa kinapanda na unyevu. Lowesha kidogo tena, weka mataulo meupe makavu juu yake, bebesha uzito kama ndoo iliyofungwa, acha usiku kucha. Rangi itapanda kwenye taulo badala ya kuishia kwenye nyuzi.

Na kama kahawia imetokea eneo kubwa lililomwagiwa maji tu, bila chai wala udongo, geuza kona ya kapeti upige picha mgongo wake. Ukiona nyuzi za juti, zile za gunia, hiyo ni rangi ya juti yenyewe iliyopanda kwa maji mengi. Siki nyeupe kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha maji, ijaribiwe kwanza pembeni pasipoonekana, ibonyezwe juujuu kwa kitambaa, kisha feni au dirisha wazi mpaka pakauke siku hiyohiyo. Maji zaidi yataipandisha tena.